Kengele, boflo na dagaa: kuisoma picha ya asilimia 68

Mpwa wangu anasoma chuo, Unguja, mwaka wa pili. Usiku mmoja aliniletea picha kwenye WhatsApp, kaipiga kwa simu kutoka kitabuni, kivuli cha mkono wake kimeangukia pembeni mwa ukurasa. Ni picha ambayo kila aliyegusa somo la takwimu amekutana nayo. Mstari unaanza chini kushoto, unapanda taratibu, unafika kileleni katikati, kisha unateremka upande wa kulia kwa namna ile ile, mpaka umbo zima linakuwa kama kengele iliyowekwa juu ya meza. Chini ya mstari pamepakwa rangi kwa kanda, buluu iliyokoza katikati na kuzidi kufifia kuelekea pembeni. Ndani ya kila ukanda pana namba: 34.1% mara mbili katikati, kisha 13.6% kila upande, kisha 2.1%, na kwenye ncha kabisa 0.1%. Chini kabisa zimepangwa alama za Kigiriki, μ katikati, halafu 1σ, 2σ na 3σ kulia, na hizo hizo zenye alama ya kutoa kushoto.

Chini ya picha aliandika: "Shikamoo mjomba. Nataka kuitumia hii kwa daftari la dagaa la baba. Wastani ninao, na hiyo σ nimeshaipata. Sasa nipake rangi tu, au vipi?"

Nikamjibu marahaba, na nikamwambia rangi zisubiri kwanza. Baba yake ana chombo cha dagaa huku Pemba, na daftari lake nalifahamu. Nilikuwa na shaka kubwa kwamba zile asilimia za kwenye picha zingekaa juu ya dagaa wake. Lakini huwezi kumwambia mtu picha haifai kabla hajajua picha inasema nini. Kwa hiyo tulianza na kitu ambacho inakifaa, mkate wa boflo.

Chukua kiwanda kidogo cha mikate, tuseme cha hapa Wete, ambako unga ukishakandwa na kuumuka, mtu mmoja anaukata kwa mkono kuwa madonge, kila donge boflo moja. Anakusudia gramu 120. Hapimi kila donge, mkono wake umeshazoea. Tukiyachukua madonge 10 yaliyofuatana tukayaweka kwenye mizani, tuseme tunapata hivi: 118, 124, 119, 115, 121, 118, 123, 120, 124, 118. Jumla yake ni gramu 1,200, kwa hiyo wastani ni 120 kamili. Hiyo ndiyo μ ya kwenye picha, mahali kilele kinaposimama.

Sasa σ. Kwa Kiswahili wengi tunaiita mkengeuko sanifu, na jina linatisha kuliko jambo lenyewe. Swali lake ni dogo tu: kwa kawaida donge linakuwa mbali kiasi gani na wastani? Tunaliendea donge moja moja. La kwanza limepungua gramu 2, la pili limezidi 4, la tatu limepungua 1, la nne limepungua 5, na kuendelea. Ukizijumlisha tofauti hizo kama zilivyo utapata sifuri, maana zilizozidi na zilizopungua zinafutana. Ndiyo sababu kila tofauti tunaizidisha kwa yenyewe, hasi ipotee: 4, 16, 1, 25, 1, 4, 9, 0, 16, 4. Jumla ni 80. Tunagawa kwa 9, si kwa 10, kwa sababu wastani wenyewe tumeutoa kwenye madonge haya haya, na kwa hivyo tofauti huwa ndogo kidogo kuliko zinavyostahili. Kugawa kwa 9 kunalifidia hilo. Tunapata 8.89, na kipeuo chake cha pili ni 2.98. Tuseme gramu 3.

Basi σ ni gramu 3. Ina kipimo kile kile cha kitu kinachopimwa: gramu kwa mkate, ndoo kwa dagaa. Mpwa wangu mwanzo aliidhani σ ni asilimia fulani, na si yeye peke yake. Picha yenyewe inalichochea kosa hilo, kwa kuwa asilimia zimeandikwa juu na σ chini, zimekaribiana mno. Alama za chini ni rula. Zinasema: kutoka katikati piga hatua ya gramu 3, uko 123, piga nyingine, uko 126, nyingine, 129. Kushoto vivyo hivyo, 117, 114, 111. Asilimia za juu ni jambo jengine kabisa. Zinajibu swali la ni sehemu gani ya mikate yote inaangukia baina ya hatua mbili.

Sehemu hiyo inasomwa kwa eneo. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Urefu wa mstari mahali fulani hauhesabu mikate. Kinachohesabu ni nafasi iliyopakwa rangi chini ya mstari, kutoka alama moja hadi nyengine, ukilichukulia eneo lote la kengele kuwa ni mikate yote, yaani asilimia 100. Ukanda wa kutoka 120 hadi 123 una asilimia 34.1 ya rangi yote. Wa kutoka 117 hadi 120 una 34.1 nyengine, kwa sababu kengele hii pande zake zinalingana. Ukiunganisha hizo mbili ndiyo ile 68 mashuhuri. Ongeza 13.6 ya kila upande, unafika 95. Ongeza 2.1 ya kila upande, unafika 99.7.

Kuna mtego mmoja hapa ambao umewanasa hata walimu. Kwenye alama ya 2σ, urefu wa mstari ni takriban asilimia 13.5 ya urefu wa kilele. Na ukanda unaoishia hapo hapo una eneo la asilimia 13.6. Namba mbili zinakaribiana kwa sadfa tu, na mwanafunzi anayepima urefu kwa rula anaondoka akiamini amethibitisha kwamba asilimia ni urefu. Mpe ajaribu kwenye 1σ: urefu hapo ni karibu asilimia 61 ya kilele, na hakuna ukanda wowote wenye 61.

Na kama picha haina alama za chini, σ bado unaweza kuiona kwa macho. Weka kidole kileleni, uteremke nacho pole pole upande wa kulia. Mwanzo mstari unapinda kama mgongo wa bakuli lililofunikwa. Unafika mahali unageuka, unaanza kupinda kama bakuli lililofunuliwa. Pale hasa unapogeuka ndipo 1σ ilipo. Niliposoma hilo kwa mara ya kwanza niliichukua penseli nikapiga alama kwenye kila kengele niliyoiona kitabuni, na toka siku hiyo σ ikawa kwangu kitu kinachoonekana.

Mpwa wangu, ambaye haachi kitu kipite, alizijumlisha namba zote za kwenye picha akapata 99.8. "Hiyo 0.2 imekwenda wapi, mjomba?" Haikwenda popote. Aliyechora alizikata desimali. Namba zenyewe, kwa kila upande, ni 34.13, 13.59, 2.14 na 0.13, na pande mbili kwa pamoja zinatimiza 100, isipokuwa punje inayobaki kwa kukata. Ndiyo maana pia 34.1 mara mbili inatoa 68.2, ilhali vitabu vinaandika 68.27 au 68.3.

Hizo desimali hazikupatikana kwa kupima mikate wala kwa kupima watu. Ni hesabu ya eneo chini ya mstari wenye fomula yake maalumu. Abraham de Moivre, Mfaransa aliyekimbilia London, ndiye aliyeifikia kwanza mwaka 1733, alipokuwa akitafuta njia fupi ya kukokotoa matokeo ya kurusha sarafu mara nyingi sana, na sehemu iliyo ndani ya hatua moja aliikadiria kuwa 0.682688. Carl Friedrich Gauss akaitumia mwaka 1809 kwa makosa ya vipimo vya wanafalaki, na jina lake likagandana na kengele hadi leo. Leo mwanafunzi anaipata kwenye simu. Nilimwambia mpwa wangu afungue jedwali tupu la Excel aandike hivi:

```
=NORM.S.DIST(1,TRUE)-NORM.S.DIST(-1,TRUE)
```

Ikatoka 0.682689. Akibadilisha 1 kuwa 2 inatoka 0.9545, na 3 inatoka 0.9973. Sarafu ya de Moivre imo humo ndani, na ndiyo inayotuambia kengele inazaliwa wapi. Sarafu moja haina kengele yoyote. Kengele inatokea unapojumlisha matokeo ya sarafu nyingi, kila moja ikisukuma jumla kidogo tu, huku au kule. Mkono wa mkata madonge uko hivyo hivyo. Kisu kimeingia milimita mbele, unga wa pembeni mwa beseni umekauka kidogo, donge limeacha kipande mezani, vidole vimechoka kidogo. Sababu nyingi, kila moja ndogo, hakuna iliyo na amri juu ya nyengine, na athari zao zinajumlishwa. Hapo kengele inakuja yenyewe.

Mkate unapoitii kengele, picha inaanza kufanya kazi ya maana. Tuseme kiwanda kinatoa boflo 400 kwa siku, wastani wa donge ni gramu 120 na σ ni 3. Madonge yaliyo chini ya gramu 117 ni mangapi? Chini ya 117 zimebaki kanda 13.6, 2.1 na 0.1, ambazo ukizichukua na desimali zake ni karibu 15.9. Kati ya 400, hiyo ni kama mikate 63. Chini ya 114 ni asilimia 2.3, mikate 9. Na nje ya hatua tatu, juu na chini kwa pamoja, ni asilimia 0.27, yaani karibu mkate 1 kwa kila 370. Kwa hiyo kila siku utaona mmoja hivi wa ajabu, na huna haja ya kumgombeza mtu kwa ajili yake. Ukiona 6 siku moja, hapo katafute sababu.

Sasa tuseme mwenye kiwanda hataki mikate 63 iwe chini ya 117. Anataka isizidi 9. Picha inampa njia mbili, na kila moja ina gharama yake. Anaweza kuisogeza kengele nzima kulia, wastani uwe 123, ili 117 iwe hatua mbili chini ya katikati. Hilo linamgharimu gramu 3 kwa kila donge, gramu 1,200 za unga uliokandwa kila siku, sawa na boflo 10 anazozitoa bure. Au anaiacha kengele mahali pake na kuibana: anaweka mizani mezani na kupima kila donge, σ inashuka hadi 1.5, na 117 inakuwa hatua mbili chini bila kuongeza unga hata chembe. Hapo anacholipa ni muda. Mimi naamini hii ndiyo faida kubwa ya kuijua σ, kwa sababu wengi hukimbilia kuongeza wastani wakati tatizo lao ni mkono usiotulia.

Lakini yote hayo yamesimama juu ya neno moja, "tuseme mkate unaitii kengele". Neno hilo lazima lipimwe. Madonge yetu 10 hayatoshi kulipima. Saba kati yao yako baina ya 117 na 123, inaonekana kama ile 68, lakini kwa madonge 10 tu hata 5 au 9 yasingekuwa ajabu.

Tazama linavyoweza kuvunjika. Tuseme kiwanda chengine kina wakata madonge wawili. Wa kwanza mkono wake ni mwepesi, anakata wastani wa 114. Wa pili anakata 126. Kila mmoja ana σ yake ya gramu 3, na wanakata idadi sawa. Madonge yanachanganyika kwenye ubao mmoja na kuingia tanurini. Ukipima yote pamoja, wastani ni 120, ule ule uliokusudiwa. σ inakuwa 6.7. Anayeamini picha atasema asilimia 68 ziko baina ya 113.3 na 126.7. Ukihesabu kweli utakuta ni kama 59.

Na hilo si baya zaidi. Tazama pale katikati, pale kengele inapodai kuna mikate mingi kuliko kwengine kote. Kwa wastani wa 120 na σ ya 6.7, kengele inasema karibu mikate 12 katika kila 100 iko baina ya gramu 119 na 121. Kwa kweli ipo kama 4. Mahali pa kilele pana bonde. Mkate wa kawaida wa kiwanda hicho, ule wa gramu 120, karibu haupo, kuna mikate ya mtu wa kwanza na mikate ya mtu wa pili. Wastani na σ vimekokotolewa sawasawa kabisa, hakuna hesabu iliyokosewa, na bado picha imesema uongo. Ukizipeleka namba hizo mbili peke yake kwa mtu hana njia ya kujua. Ukimpelekea mchoro wa nguzo, kila nguzo ikionyesha idadi ya madonge kwa kila gramu mbili, anaona vilima viwili kwa jicho moja.

Hapo ndipo nilipomwambia mpwa wangu atoe daftari la baba yake.

Wasioijua kazi ya dagaa: wanavuliwa usiku wa giza kwa taa. Dagaa wanaifuata taa, wanakusanyika, nyavu inawazunguka. Mbalamwezi ikikamilika, mwanga wa taa unapotea ndani ya mwanga wa mwezi, na vyombo vingi vinapumzika. Daftari lilikuwa na usiku 60 ambazo chombo kilitoka kweli, na mbele ya kila usiku idadi ya ndoo zilizoshushwa. Wastani alioupata ulikuwa ndoo 20. σ ilikuwa ndoo 18.

Hizo namba mbili peke yake zilitosha kunitia wasiwasi, na hili ni jaribio ambalo halihitaji hata kompyuta. Toa σ mara mbili kwenye wastani. Ishirini toa 36 ni ndoo 16 chini ya sifuri. Hakuna chombo kinachorudi na ndoo hasi. Lakini kengele yenye wastani 20 na σ 18 inaahidi kwamba karibu usiku 13 katika kila 100 chombo kitarudi na chini ya sifuri. Kitu kisichoweza kushuka chini ya sifuri, na σ yake inakaribia kulingana na wastani, hakiwezi kuwa kengele. Iwe ndoo za dagaa, iwe mauzo ya duka kwa siku, iwe dakika za kusubiri gari.

Alichora nguzo. Usiku mwingi ulirundikana kushoto, kwenye ndoo chache, kisha nguzo zikateremka kuelekea kulia zikizidi kuwa fupi, na mkia mrefu ukafika mpaka usiku mmoja wa ndoo 85. Tukazihesabu kanda. Baina ya 2 na 38, yaani hatua moja kila upande, kulikuwa na usiku 51 kati ya 60. Hiyo ni asilimia 85, si 68.

Halafu akaniambia, kwa furaha kidogo, "Lakini mjomba, ndani ya hatua mbili ni 57 kati ya 60. Hiyo ni 95 kamili. Basi picha ni sahihi?"

Hili ndilo lililonifanya niandike makala hii, kwa sababu ni kosa la mtu makini. Ni kweli ilitoka 95. Na inatoka karibu na 95 kwa maumbo mengi ambayo hayafanani na kengele hata kidogo, umbo hili la mkia mrefu likiwa mojawapo. Ndiyo sababu ukanda wa pili haufai kuwa shahidi peke yake. Nilimuuliza zile 3 zilizobaki nje ziko upande gani. Akaangalia. Zote tatu ziko juu: ndoo 60, 67 na 85. Chini hakuna hata moja, na haiwezi kuwapo. Kengele ingezigawa baina ya pande mbili. Na ule usiku wa 85 uko zaidi ya hatua tatu juu ya wastani, jambo ambalo kengele inaliruhusu usiku 1 katika 740 hivi. Baba yake alikuwa nalo ndani ya usiku 60, wala hakushangaa.

Sababu ya umbo hilo iko baharini, haimo kwenye hesabu. Kwa mkate, sababu ndogo ndogo zinajumlishwa. Kwa dagaa, sababu zinazidishana. Kundi likiwa kubwa na maji yakiwa shwari, taa inavuta mbali zaidi, na nyavu hiyo hiyo inabeba mara tatu. Upepo ukivuma, kila kitu kinagawanyika kwa pamoja. Vitu vinavyozidishana huzaa umbo lenye mkia upande mmoja. Wakati mwengine ukichukua logi ya kila namba, kuzidisha kunageuka kujumlisha na kengele inajitokeza, kisha unafanya kazi yako kwenye logi na kurudi. Tulijaribu, ikakaribia, haikukaa vizuri sana.

Kama hujui umbo kabisa, bado unabaki na ahadi moja, nayo ni ndogo. Mrusi Pafnuty Chebyshev, wa karne ya 19, alithibitisha kwamba kwa data yoyote ile, iwe na umbo gani, angalau asilimia 75 ziko ndani ya hatua mbili za σ, na angalau 88.9 ndani ya hatua tatu. Ndani ya hatua moja hakuahidi chochote. Ukilinganisha na 95 na 99.7 za kwenye picha, unaona ni kiasi gani cha ile picha kinatokana na umbo la kengele, wala si na σ. Kwa hiyo anayekuletea σ peke yake na kukuambia "asilimia 68 ziko hapa" ameongeza habari ambayo σ haikumpa.

Tuliacha rangi. Badala yake alizipanga usiku zote 60 kutoka ndogo hadi kubwa na kuzigawa robo robo. Robo ya kwanza inaishia kwenye ndoo 7. Nusu inaishia kwenye 13. Robo tatu zinaishia kwenye 28. Na zile ndoo 20 za wastani, ambazo kengele ingesema zinafikiwa usiku mmoja kati ya kila mbili, zilifikiwa usiku 22 tu kati ya 60. Wastani umevutwa juu na usiku chache nene.

Akampelekea baba yake mchoro, mistari mitatu tu juu ya nguzo: 7, 13, 28. Mzee aliutazama siku ya pili akiwa ufukweni, wachemshaji wakiwasha kuni. Alisema hiyo 13 anaijua, ndiyo kuni anazonunua kila jioni, na hiyo 28 ndiyo jioni anayomtuma mtoto akakope chumvi kwa jirani. Kisha akamuuliza binti yake kwa nini amezichanganya usiku za mwanzo wa giza na zile za mwisho mwezi unapochomoza. Sasa anaziandika upya, safu mbili, na picha ya kwanza ya nguzo zake bado haijanifikia.